Milimita Tano za Ukingo: Kutoboa Tundu la Bawaba ya Kikombe

Mada kwa semina ya mafundi seremala wa Malindi na Kilifi

Makabati ya jikoni ya nyumba za ufukweni, kuanzia Watamu hadi Malindi, sasa yanajengwa kwa mbao za kiwandani: MDF, chipubodi na blokibodi. Milango yake haionyeshi bawaba kwa nje. Bawaba imezama ndani ya mlango, katika tundu la duara lenye kipenyo cha milimita 35, na mkono wake unashika bamba lililofungwa ubavuni mwa kabati. Kazi ya tundu hilo ni ya dakika chache, lakini ndiyo inayoamua kama milango itapangana au itagongana.

Kipimo cha kwanza ni ukingo, yaani upana wa ubao unaobaki kati ya mwisho wa mlango na tundu. Kwa bawaba nyingi ni milimita 3 hadi 6. Nusu ya kipenyo cha tundu ni 17.5, kwa hiyo fundi anayetaka kubakiza milimita 5 huweka alama ya kitovu milimita 22.5 kutoka mwisho wa mlango.

Kwa nini 5 na si 3? Hapo ndipo hesabu inapoanza. Kila milimita inayoongezwa kwenye ukingo huusogeza mlango milimita moja zaidi juu ya ubavu wa kabati. Bamba lililo nene zaidi hufanya kinyume: huurudisha mlango nyuma.

Chukua kabati la ubavu wa milimita 18, ambalo mlango wake unatakiwa ufunike 16 ili ibaki nafasi ya 2 kwa nje. Tuseme jedwali la bawaba linaonyesha kwamba ukingo wa 5 na bamba la sifuri hufunika 18. Njia ya kwanza ni kupunguza ukingo hadi 3. Hesabu inakubali, ila kwenye chipubodi kipande hicho chembamba hupasuka kirahisi, hasa biti ikiwa butu. Njia ya pili ni kuacha ukingo wa 5 na kuweka bamba la milimita 2. Hii ndiyo bora. Fundi mwenye bamba moja tu mfukoni hulazimika kuchagua ya kwanza, na kosa hilo huanzia dukani.

Kina nacho kina mtego wake. Vikombe vingi huhitaji milimita 12 hivi, na mlango wa 18 unaweza kubeba hilo. Lakini ncha ya biti hutangulia. Biti bapa ya bei nafuu ina ncha ndefu, nayo huchomoza upande wa mbele uliokwisha kupakwa rangi kabla kikombe hakijapata kina chake. Biti sahihi ni ile ya kukata duara yenye ncha fupi na meno pembeni. Fundi huijaribu kwanza kwenye kipande cha ubao uleule, akizungushia utepe kwenye biti kuashiria kina, kisha anapima kilichobaki chini.

Matundu mawili ya mlango mmoja lazima yawe na ukingo uleule. Tuseme la chini lina kitovu kwenye 22.5 na la juu kwenye 24, na yametengana milimita 500. Mlango wa urefu wa 700 utainama kwa milimita 2 hivi. Skrubu ya kurekebisha ubavuni ina uwezo wa takriban kiasi hicho tu, kwa hiyo sehemu yake kubwa itamalizika kwenye kosa hilo na kubaki kidogo tu ya kupanga milango jirani. Ndiyo maana mafundi makini hufunga kipande cha mbao chenye ukuta kwenye meza ya keekee, na kila mlango hukaa palepale bila kupimwa upya. Kikombe chenyewe nacho kinyooshwe kwa skwea kabla ya skrubu zake kufungwa, la sivyo mkono wake utavuta upande.

Pwani ina jambo lake zaidi. Tundu huacha moyo wa ubao wazi, na unyevu wa msimu wa masika huingia humo. Chipubodi huvimba, skrubu hulegea, na mlango hushuka polepole. Kupaka vanishi ndani ya tundu na kuiacha ikauke kabisa kabla ya kufunga huchukua muda mfupi. Chumvi ya baharini nayo huila bawaba ya chuma iliyopakwa nikeli. Kwa nyumba iliyo karibu na maji, ya chuma cha pua inafaa zaidi, ingawa bei yake ni kubwa.

Mnunuzi wa bawaba na afungue boksi palepale dukani, apime kipenyo na kina cha kikombe, aulize jedwali la ukingo na aombe mabamba ya unene tofauti, kabla keekee haijawashwa.