Mtoto Mkavu Ndiye Hapati Baridi: Kumvika Mtoto kwa Theluji ya Kwanza

(Muziki wa kipindi, kisha unapungua.)

MTANGAZAJI: Leo nazungumza na wazazi ambao jina la familia limeshatoka na safari ni ya nchi ya baridi. Mama mmoja anayesafiri kwenda Ufini na watoto watatu ametuuliza: "Nimeambiwa huko watoto wa chekechea wanatolewa nje kucheza hata theluji ikianguka. Wangu nitawavika nini wasiugue?"

Mama, uliyoambiwa ni kweli. Ufini watoto hucheza nje karibu kila siku, na mwalimu atategemea mtoto wako aje na nguo za kazi hiyo. Majibu yangu nimeyapata kwa dada yangu, ambaye yuko huko na anawavika wanawe wawili kila asubuhi.

Tuanze na jambo ambalo wengi hatulijui. Adui wa kwanza wa mtoto kwenye theluji ni maji, kabla hata ya baridi yenyewe. Unajua kwa nini maji ya mtungi yanakaa baridi hata jua likiwaka? Kwa sababu mtungi una unyevu nje, na unyevu ule ukikauka unaondoka na joto. Nguo iliyoloa inamfanyia mtoto hivyohivyo. Mtoto mkavu mwenye sweta moja anaweza kuwa na joto kuliko mtoto aliyeloa mwenye sweta tatu.

Sasa, theluji ya kwanza ya mwaka mara nyingi huanguka wakati baridi iko karibu na nyuzi 0. Theluji ya namna hiyo ni nzito, inashikana, na inayeyuka upesi kwenye nguo. Kukiwa na nyuzi 10 chini ya sifuri, theluji inakuwa kavu kama unga na unaipangusa tu. Kwa hiyo siku ya nyuzi 0, ambayo mzazi mgeni anaiona nyepesi, ndiyo siku mtoto anayoloa zaidi. Na mtoto hasimami kwenye theluji. Anakaa, anapiga magoti, anaichimba kwa mikono. Makalio, magoti na mikono ndiyo inayoloa kwanza. Ndiyo maana suruali na glavu zina kazi kubwa kuliko koti.

Suruali ziko za aina mbili. Moja ni ya mpira, haina bitana, ina mikanda ya mabegani. Hii maji hayapiti kabisa, lakini yenyewe haina joto, lazima mtoto avae suruali nyingine ya joto ndani. Ya pili ni suruali nene ya theluji yenye bitana. Hii ina joto, lakini nyingine huanza kupitisha maji mtoto akikaa muda mrefu kwenye theluji inayoyeyuka. Ukinunua kwenye mitumba, na huko mitumba ipo mingi na mizuri, ipime. Ukifika nyumbani mwaga maji kidogo kwenye goti na kwenye makalio, subiri dakika chache, kisha pitisha mkono ndani. Ukigusa unyevu, hiyo itafaa siku za baridi kavu tu.

Glavu za mtoto zisiwe za vidole vitano. Tafuta zile ambazo kidole gumba kina nyumba yake na vidole vinne vinakaa pamoja kwenye mfuko mmoja. Vidole vikiwa pamoja vinapeana joto, na mtoto mdogo anazivaa kwa urahisi. Za sufu peke yake zinaloa. Mvalishe za sufu ndani, na juu yake zisizopitisha maji zenye shingo ndefu. Nunua jozi mbili, kwa sababu moja italoa.

Haya, tumvike mtoto wa miaka 5 anayetoka nje kwa saa moja, nyuzi 0, theluji mbichi.

Kwanza, aende chooni. Usicheke, ukisahau hili utaanza upya yote. Pili, mzazi vaa nguo zako kwanza. Mtoto aliyevikwa kamili akikusubiri ndani ya nyumba yenye joto atatoka jasho, na jasho nalo ni maji.

Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu laini au ya poliesta, mikono mirefu na miguu mirefu. Isiwe ya pamba, kwa sababu pamba inanyonya unyevu na kukaa nao. Kisha soksi ya sufu, moja tu. Wazazi wengi hupanga soksi tatu kwenye buti dogo. Hapo mguu unabanwa, damu haipiti vizuri, na vidole vinapoa zaidi. Buti liwe na nafasi ya karibu sentimita 1 mbele ya vidole.

Juu yake vaa sweta na suruali ya kitambaa chenye manyoya, kama lile blanketi jepesi tunalogawiwa. Kisha suruali ya mpira, mikanda mabegani. Ndipo buti. Sasa angalia hapa: mguu wa suruali unakaa nje ya buti, hauingizwi ndani. Ukiuingiza, theluji inadondokea ndani ya buti. Suruali nyingi zina mpira mdogo chini, uvute upite chini ya soli ili suruali isipande.

Kisha kitambaa cha shingo cha duara, si skafu ndefu, maana skafu inaweza kunasa kwenye bembea na kumkaba. Koti, lifunike sehemu ya juu ya suruali. Kofia, ifunike masikio. Mwisho kabisa glavu, na shingo yake ndefu ivutwe juu ya mkono wa koti, ili theluji isiingie akichimba.

Mkiwa nje, utajuaje? Pitisha vidole vyako nyuma ya shingo yake. Kukiwa na joto na kukavu, yuko sawa. Kukiwa na jasho, punguza sweta. Kukiwa baridi, mrudishe ndani. Glavu zikague kila baada ya dakika 15 au 20, na iliyoloa ndani badilisha hapohapo. Mtoto aliyeacha kucheza na kusimama mikono wazi anakwambia kitu.

Kwenye ngozi yetu nyeusi, usingoje kuona wekundu. Baridi ikimshika kidoleni, shavuni au sikioni, ngozi inapauka, inakuwa ya kijivu, na mtoto anasema haisikii. Mwingize ndani. Weka vidole vyake kwenye kwapa lako. Usivisugue, wala usiviweke karibu na moto, maana hasikii na ataungua. Ngozi ikiwa ngumu, ikitoa malengelenge, au isiporudi hali yake upesi, mpeleke kwa daktari.

Mkirudi, vua vyote vilivyoloa na uvitundike palepale. Glavu zigeuze ndani nje, na buti lijaze magazeti yanyonye maji. Usivibandike kwenye kipasha joto, mpira utapasuka. Kesho asubuhi, kabla ya kumvalisha tena, ingiza mkono wako mpaka mwisho wa glavu na wa buti. Pakiwa na unyevu, tumia jozi ya pili.

Wiki ijayo nitajibu swali la baba mmoja kuhusu kutembea kwenye barabara yenye barafu bila kuanguka.

(Muziki wa kufunga.)