Jiko Limegawiwa, Safari ya Kuni Haijapungua: Nadharia ya Mabadiliko na Jedwali la Mantiki

[Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.]

MTANGAZAJI: Wiki hii nazungumza na vikundi vinavyoandika miradi yao wenyewe. Ukienda kuomba msaada, ofisa wa shirika atakuuliza mambo mawili. Kwanza, nadharia yenu ya mabadiliko iko wapi? Pili, jedwali lenu la mantiki liko wapi, lile wanaloliita logifremu? Wengi wetu tunafikiri ni kitu kimoja chenye majina mawili. Sivyo, na kuvichanganya kunaweza kuwagharimu watu ambao mradi ulikusudia kuwasaidia.

Tuchukue mfano wa kuni, maana kila mmoja wetu anaujua. Tuseme kikundi cha akina mama kinataka kupunguza safari za kwenda porini, kwa sababu huko wanawake na wasichana hushambuliwa. Kikundi kinaamua kufinyanga majiko ya udongo yanayotumia kuni kidogo, na kuyagawa kwa kaya 200.

Wanajaza jedwali la mantiki. Jedwali hilo lina safu nne kwenda chini. Juu kabisa ni lengo kuu: wanawake wawe salama zaidi. Chini yake ni dhumuni la mradi: safari za kuni zipungue. Kisha mazao ya kazi: kaya 200 zina majiko na zinajua kuyatumia. Mwisho ni shughuli zenyewe: kuchimba udongo, kufinyanga, kufundisha. Kwa upande kuna vyumba vinne. Cha kwanza ni maelezo niliyoyasoma sasa hivi. Cha pili ni kiashiria, yaani kitu utakachohesabu. Cha tatu kinasema utapata wapi ushahidi. Cha nne ni mambo tunayoyategemea ingawa hayako mikononi mwetu.

Miezi sita inapita. Majiko 200 yamegawiwa, sahihi zote zipo, mafunzo yamefanyika. Ripoti ni safi. Lakini alfajiri ukisimama kwenye njia ya kutokea kambini, unawaona akina mama walewale na kamba zao mkononi.

Kosa liko wapi? Niliwahi kumuuliza mama yangu jambo kama hilo. Tulikuwa na jiko zuri, na bado alitoka alfajiri. Akanijibu, "Mwanangu, za kupikia ni mzigo mmoja. Mzigo wa pili ni sabuni yenu na chumvi." Alikuwa anauza kuni. Jiko halikuweza kuugusa mzigo ule wa pili.

[Muziki mfupi.]

Hapo ndipo nadharia ya mabadiliko inapohitajika. Mwaka 1995 mtafiti wa Marekani, Carol Weiss, katika kazi ya Taasisi ya Aspen, alieleza kwamba miradi ya kijamii ni migumu kupimwa kwa sababu wenye miradi hawasemi wazi wanaamini mabadiliko yatatokea kwa njia gani. Nadharia ya mabadiliko ni kuisema imani hiyo kwa sauti, hatua kwa hatua, ili watu waipinge kabla fedha hazijatumika.

Inafanywa hivi. Anzeni mwisho, mrudi nyuma. Andikeni, "Wanawake wako salama zaidi." Ulizeni, ili hili litokee, ni kitu gani lazima kiwe kimetokea kwanza? Safari zimepungua. Na ili safari zipungue? Kuni zinazohitajika ni chache. Na ili kuni ziwe chache? Kaya zinapikia jiko bora. Kati ya kila hatua na nyingine choreni mshale, na juu ya kila mshale muandike neno "kwa sababu".

Sasa upimeni kila mshale. Mshale wa jiko na kuni unapimika jikoni: pikeni kilo moja ya maharage kwa mafiga matatu, kisha kilo nyingine kwa jiko, mpime kuni zilizotumika. Mshale wa pili, kwamba kuni chache ni safari chache, haupimwi kwa mizani. Waulizeni wanawake 20 wa bloku yenu, taratibu, bila wanaume kusikiliza: kuni ulizoleta wiki hii zimekwenda wapi? Tuseme 11 wanajibu kwamba wanauza. Basi mshale umekatika. Tena kuna hatari: kila kaya ikipata jiko, wanunuzi wa kuni watapungua na bei itashuka. Huenda mama muuzaji akalazimika kwenda porini mara nyingi zaidi ili apate fedha ileile.

Kwa hiyo mchoro unahitaji tawi la pili: njia nyingine ya kipato kwa wanaouza kuni, kwa mfano kutengeneza sabuni. Sasa mradi umebadilika, na hakuna jiko hata moja lililopotea.

[Muziki mfupi.]

Je, jedwali halina kazi? Lina kazi kubwa. Lilibuniwa karibu mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, lililokuwa shirika la misaada la Marekani, kwa sababu mipango ya miradi ilikuwa haieleweki, na haikujulikana nani anawajibika kwa lipi. Kazi hiyo bado inahitajika. Mkishachagua njia, jedwali linawabana. Safari ngapi kwa wiki kabla ya mradi? Ngapi baada ya miezi mitatu? Nani anaandika, katika daftari gani? Na kwenye chumba cha nne mnaandika, "Tunategemea mgao wa chakula hautapunguzwa," kwa sababu mgao ukipungua, mama atarudi porini hata kama ana jiko na sabuni.

Basi lipi, lini? Kama tatizo lina sababu nyingi na hamna hakika mabadiliko yatakujaje, anzeni na nadharia. Irudieni pia pale kazi zote zimefanyika lakini maisha hayajabadilika. Kama njia inajulikana, kwa mfano kutengeneza pampu ya maji iliyoharibika, jedwali fupi linatosha. Msipoteze siku mbili kuchora mishale. Na mkiwa na mfadhili, tarehe na fedha, jedwali ni la lazima.

Kila kimoja kina ugonjwa wake. Jedwali huharibika pale kikundi kinapohesabu tu vitu kilivyogawa: majiko, sahihi, mahudhurio. Ukiona safu ya dhumuni haina namba ya kufuatilia, ujue limeugua. Nadharia huharibika pale mchoro unapopendeza ukutani na hakuna aliyeupinga. Ukiona mishale haina "kwa sababu", au hakuna mama muuza kuni aliyekaa kwenye kikao, ujue ni picha tu.

Kazi ya wiki hii kwa vikundi ni ndogo. Chukueni mradi mmoja mlio nao, mtafute mshale mmoja ambao hamjawahi kuuliza. Kisha mwende mkaulize kwa mtu anayebeba mzigo.

Mimi naishia hapo. Akina mama mtakaotoka kesho alfajiri, tokeni kwa kundi, na mrudi salama.

[Muziki wa kufunga.]