Mwenzako Akitetemeka Uwanjani

(Maneno niliyowaambia vijana wa timu ya shule kabla ya mazoezi.)

Vijana wangu, mnajua kwamba mmoja wenu ana ugonjwa wa kisukari na hujidunga insulini kila siku. Yeye mwenyewe ameniruhusu niseme nanyi.

Insulini huitoa sukari katika damu na kuiingiza mwilini. Misuli inayokimbia nayo huichota sukari hiyo hiyo. Mambo hayo mawili yakikutana, hasa ikiwa chakula cha mchana kilikuwa kidogo, sukari hushuka upesi. Hapo mtu hutetemeka, hutoka jasho la baridi, huona njaa na moyo humwenda mbio. Ubongo nao hukosa chakula chake. Kwa hiyo mkimwona kiungo wetu anampa adui pasi tatu mfululizo, kisha ukimwuliza anakujibu kwa ukali, msidhani ana kiburi. Mwiteni refa.

Mkalisheni chini palepale. Asitumwe bwenini peke yake. Mpeni nusu chupa ya soda ya kawaida, yaani mililita 150 hivi, au vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji. Soda isiyo na sukari haifai kitu hapa. Chokoleti nayo hukawia kwa sababu ya mafuta yake. Na mtu yeyote asimdunge insulini, kwani itaishusha sukari zaidi.

Kisha ngojeni dakika 15. Tuseme kipimo chake kilionyesha 3.1 mmol/L, na sasa ni 3.7. Bado iko chini ya 4, basi mpeni kiasi kile kile tena, mngoje dakika 15 nyingine. Ikifika 5.2, ale ndizi mbivu au kipande cha mkate, maana sukari ya soda haikai. Kama kipimo hakipo, msingoje kukitafuta, mpeni sukari. Kosa la kumpa sukari asiyeihitaji ni dogo kuliko la kumnyima anayeihitaji.

Akizimia, akipata degedege au akishindwa kumeza, msimtie kitu chochote kinywani, hata maji, kwa kuwa yataingia mapafuni. Mlazeni ubavu, mmoja abaki naye, mwingine akimbie kuniita, na gari limpeleke hospitali mara moja.

Siku hiyo hatarudi mchezoni, hata akisema amepona. Tena sukari yaweza kushuka usiku, saa nyingi baada ya mchezo, kwa sababu misuli bado inajaza akiba yake. Ninyi mnaolala naye chumba kimoja, mkimwona ameloa jasho, mwamsheni.

Chupa ya soda na pakiti ya sukari zimo katika mfuko wa mipira. Asiyekuwa mgonjwa asiziguse.