Ule mustari wa CNSS kwenye fishi ya mushahara



Mutatuuliza: ninyi benye hamuna kazi, munatufundisha nini juu ya mushahara? Ni kweli. Wengi wetu tulitoka UNIKIS na diploma mukononi na mpaka leo tunazunguka na dosie, Makiso asubui, Mangobo mangaribi. Lakini mwenzetu mumoja alipata kazi, na mwisho wa mwezi wa ine alituletea fishi yake ya mushahara, akasema: «Ninaona franka zangu zinapunguka, sielewi wapi zinaenda.» Tulikaa naye, tukasoma mustari kwa mustari. Hii njo tunataka kuwaambia leo.

Fishi ilikuwa ya mwezi wa tatu 2023. Juu kabisa: mushahara wa musingi franka 400.000. Chini yake primu 100.000. Kisha malipo ya nyumba 120.000, na transpo 60.000. Ukijumlisha yote unapata 680.000, na mwenzetu alikuwa anafikiri hiyo 680.000 njo bruti, na kwamba wanakata juu ya yote. Hapana. Sheria ya kazi ya 2002 inasema malipo ya nyumba, transpo, posho ya watoto na matunzo ya ugonjwa si mushahara wenyewe. Kwa hiyo zile 180.000 za nyumba na transpo zinawekwa pembeni kwanza. Kinachobaki, 400.000 na 100.000, njo bruti ya kukatia: 500.000. Muandike hiyo namba pembeni, maana kila kitu kinaanzia pale.

Kwa mwaka ule makato ya mufanyakazi yalikuwa mawili tu: CNSS na IPR.

CNSS njo kese ya pansioni, ile ya zamani tuliita INSS; sheria ya 2016 ilibadilisha. (Mwalimu ao fonksionere wa serikali, wewe uko na kese ingine, CNSSAP, kwa hiyo hesabu hii si yako.) Kwa mufanyakazi wa kampuni, wa shirika, wa duka, wanakata 5% ya bruti. Kwa 500.000 ni 25.000. Basi.

Lakini kwenye fishi ya mwenzetu, mustari wa CNSS ulikuwa na 90.000.

Tulifikiri ni kosa la kuandika. Tukachukua kalkileta: 90.000 juu ya 500.000 ni 18%. Na 18% si namba ya kubahatisha. Njo jumla ya kila kitu kinachoingia CNSS kwa mufanyakazi mumoja. Pansioni inachukua 10%: nusu inatoka kwa mufanyakazi, nusu kwa bosi. Posho ya jamaa ni 6,5%, hatari za kazi 1,5%, na hizo mbili ni za bosi peke yake. Kwa hiyo bosi anapashwa kutoa 13%, mufanyakazi 5%. Kwa mwenzetu, 13% ni 65.000. Kila mwezi alikuwa analipa deni la bosi wake kwa mufuko wake mwenyewe, na karatasi ilikuwa inamuonyesha waziwazi! Ni vile tu mustari uliandikwa «CNSS», na mutu akiona ile jina anasema ni serikali, ananyamaza.

Kuna fishi zingine zinaandika INPP na ONEM. Hizo pia ni za bosi. Zinaweza kuonekana kwenye karatasi, kwenye safu ya bosi, lakini zisipunguze neti yako hata franka moja.

Sasa IPR, kodi ya mushahara. Hapa watu wanaogopa bure. Unatosha kwanza CNSS ya kweli: 500.000 toa 25.000, inabaki 475.000. Kodi haikatwe kwa asilimia moja juu ya yote, inapanda kama ngazi. Kwa mwaka ule, franka 162.000 za kwanza zilikatwa 3%, maana yake 4.860. Kinachozidi, mpaka 1.800.000, kilikatwa 15%. Mwenzetu alizidi kwa 313.000, ni 46.950. Jumla 51.810. Tena ako na bibi na watoto wawili: kwa mwaka ule kila mutu anayemutegemea alipunguza kodi kwa 2%, na walihesabu mpaka watu tisa. Watu watatu ni 6%, kodi inashuka mpaka 48.701. Hapo fishi yake ilikuwa sawa, hatuna neno. Lakini ngazi hizi zinabadilishwa na sheria, basi ukisoma fishi yako angalia za mwaka wako. Na kama umeoa ao umezaa na haukupeleka karatasi ofisini, unakatwa kama musela.

Neti sasa. 500.000 toa 25.000 toa 48.701, ni 426.299. Unarudisha nyumba na transpo, 180.000: unafika 606.299. Mwenzetu alikuwa anapewa 541.299. Tofauti ni ile ile 65.000.

Kuna ujanja mwingine, na huu wafanyakazi wenyewe wanaupenda. Bosi anapunguza musingi, anapandisha «nyumba». Makato yanapunguka, neti inanenepa, kila mutu anacheka. Kwa kodi ya 2023, malipo ya nyumba yalikuwa na mupaka wa 30% ya mushahara. Kilichozidi kilirudi kukatwa. Na pansioni inahesabiwa juu ya mushahara uliotangazwa CNSS. Ukitangazwa kidogo, utazeeka na kidogo. Kwa hiyo siku tutaitwa kwa kazi, swali si «mutanipa ngapi?» tu. Ni: hiyo munayosema ni bruti ao neti, na musingi ni ngapi ndani?

Turudi kwa mwenzetu. Hakuenda na kelele. Alimuonyesha kontabli hesabu kwenye karatasi moja: 500.000, mara 5, gawa kwa 100. Kontabli aliangalia, akakaa kimya, akasema programu yao njo ilikosea. Labda. Miezi ine, mara 65.000, ni 260.000. Walimurudishia kwa mara mbili. Kama wangekataa, njia ilikuwa Inspeksheni ya Kazi, maana tribinali haipokei shauri la namna hii kabla ya pale kujaribu kuwapatanisha. Na pale unaingia na fishi zako. Bila karatasi ni maneno yako na yake. Usisaini na kuacha karatasi kwa biro. Kamata yako, piga hata foto.

Tulifikiri imeisha. Kisha dada mumoja kati yetu akauliza: namba yako ya CNSS iko wapi? Kwenye fishi ile nafasi ilikuwa tupu. Kukata ni kitu kimoja, kufikisha ni kingine: franka inaweza kutoka kwako na isifike kese, na kese inahesabu miezi iliyotangazwa kwa jina lako, haihesabu miezi uliyokatwa. Mwenzetu alienda biro ya CNSS hapa mujini na kitambulisho na fishi zake ine. Walimutafuta, hakuwemo.

Bosi amemuandikisha sasa, namba iko. Miezi miwili imeonekana, miwili ya kwanza bado. Siku ya ine anarudi kule, na wawili wetu tutamusindikiza kwa toleka.