Ujumbe wa Kumwomba Mfanyakazi Mwenza wa Zamani Pendekezo la Kazi: Mada kwa Watengeneza Programu wa Bukoba na Muleba

Pendekezo, kwa maana ya mada hii, ni hatua ya mtu aliye ndani ya timu ya programu za kompyuta kupeleka jina la mtu wa nje kwa anayeajiri, akieleza kazi yake aliyoishuhudia. Halihusu ajira za serikali, ambazo kwa kawaida hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Linahusu kampuni binafsi na mashirika.

Tatizo lililojadiliwa mara nyingi bila kupungua ni ujumbe wa WhatsApp unaotoka Bukoba kwenda Dar es Salaam ukisema tu "naomba uniunganishe hapo kwenu", huku wasifu ukiwa umeambatishwa. Mpokeaji hajui nafasi inayoombwa, wala hawezi kukataa bila kuonekana amejisahau, hivyo hunyamaza. Mwombaji naye huona ni maringo, na pengine humtuma mjomba wa Kamachumu apige simu, jambo ambalo, kwa heshima zote kwa wajomba, hufunga mlango uliobaki.

Ujumbe ufuatao, uliotungwa kwa ajili ya mada hii, unaonyesha njia nyingine:

"Habari za siku, dada. Nimeona tangazo lenu la mtengeneza programu za upande wa seva, mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kwenye mfumo wa kupokea kahawa wa chama cha msingi, mimi niliandika sehemu inayohifadhi vipimo vya mizani simu ikikosa mtandao na kuvituma unaporudi. Kama unaikumbuka kazi hiyo kiasi cha kuisemea, naomba upeleke jina langu. Kama utaratibu hauruhusu, au huoni vyema, niandikie 'omba kawaida' tu; nitaomba kupitia tangazo na sitauliza sababu."

Sentensi ya mizani ndiyo muktadha, yaani maelezo ambayo mpokeaji anaweza kuyarudia mbele ya mkuu wa timu bila kubuni sifa. Sentensi ya mwisho inampa maneno ya kukataa yaliyokwisha kuandikwa, na inaunganisha sababu za ofisi na zake binafsi ili asilazimike kutaja ipi ni ipi.

Inapendekezwa kwamba nafasi itajwe kwa jina na tarehe ya mwisho. Kwamba itajwe kazi moja ambayo wote wawili waliifanya. Kwamba wasifu usubiri kuombwa. Kwamba njia ya kukataa iandikwe waziwazi. Kwamba ndugu wasihusishwe kabisa. Na kwamba jibu la "omba kawaida" lipokewe kwa asante fupi. Aidha, kwa kuwa baadhi ya kampuni hazihesabu pendekezo la mtu aliyekwisha kuwasilisha maombi, ujumbe utangulie maombi kwa siku chache, na kukiwa kimya mpokeaji akumbushwe mara moja, kisha maombi yatumwe kabla ya tarehe ya mwisho.