Kuku, mboga au uyoga? Tuchague kufuatana na hali yetu
(Mazungumzo na wanakikundi wa Rugenge, Uvira)



Mnatuuliza kila mara: kati ya kuku, mboga na uyoga, ni kazi gani inalipa? Sisi tunaotembelea viwanja vyenu tunapenda kwanza kuuliza maswali matatu. Kiwanja ni cha nani? Kila siku unabaki na bidoni ngapi za maji baada ya kupika na kuoga? Unaweza kungoja wiki ngapi bila kupata faranga?

Tuchukue mfano wa mama mpangaji. Ana nafasi ya mita 5 kwa 3 nyuma ya nyumba. Anabakiza bidoni 2 za lita 20 kwa siku, na anahitaji pesa kabla mwezi haujaisha.

Tuanze na uyoga. Hauhitaji shamba, na majani ya mpunga yanapatikana katika bonde la Ruzizi. Lakini mbegu yake lazima itoke kwa mtu anayeitengeneza kwa usafi, na majani yapikwe katika maji ya moto kwa saa moja au zaidi. Kisha mifuko inangoja wiki 3 hadi 4 gizani, mahali penye ubaridi. Ukiona ukungu wa kijani ndani ya mfuko, uondoe haraka, maana umeharibika. Tena, uyoga uliochumwa leo unataka mnunuzi leo au kesho. Mama asiye na mbegu ya kuaminika na wateja aliokwisha kuagana nao, asianzie hapo.

Kuku wa kienyeji je? Kuku analalia siku 21, na kifaranga anahitaji miezi 5 au 6 kufikia kuuzwa. Hiyo ni akiba, si pesa ya mwezi huu. Na kideri kinaweza kumaliza kundi lote kwa siku chache. Dalili zake ni kuhema kwa shida, kuhara kijani, na shingo kupinda. Dawa haipo, iliyopo ni chanjo, na ile ya tone la jicho hurudiwa kila miezi 3 hadi 4. Anayeona dalili na kukimbilia kuuza sokoni anapeleka ugonjwa kwa wenzake.

Kwa mama huyu, inabaki lengalenga. Kila mita moja ya mraba inataka karibu lita 5 za maji kwa siku wakati wa kiangazi. Kwa hiyo bidoni zake 2 zinatosha mita 8: matuta mawili ya mita 1 kwa 4, na njia katikati. Akilima zaidi ya hapo, majani yatakauka na mimea itatoa maua ingali mifupi.

Achanganye udongo na samadi iliyooza, beseni moja kwa kila mita. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu, kilichochanganywa na mchanga mkavu, kinatosha tuta moja. Tuta la pili alipande wiki 2 baadaye, ili mavuno yote yasiangukie siku moja. Baada ya wiki 3 au 4 anang'oa, anauza, anapanda tena.

Sasa tuseme jambo zito. Uvira ni mji wa kipindupindu. Mafuriko ya Aprili 2020 yalituonyesha namna maji yanavyobeba uchafu wa vyoo mpaka viwanjani. Ukimwagilia kwa maji machafu, unaweza kupeleka ugonjwa kwenye meza ya mteja. Kwa hiyo tuchague mboga zinazopikwa vizuri, kama lengalenga, wala si zile za kuliwa mbichi. Na pale choo kilipofurika, tusipande mboga chini. Tupande ndani ya magunia yenye udongo uliotoka mahali safi.

Kuhusu amani: ugomvi mwingi wa viwanjani unaanza na kuku wa huyu kuparua tuta la yule. Mpangaji azungumze na mwenye nyumba kabla ya kupanda, mbele ya shahidi, wakubaliane kwamba hata akihamishwa atavuna kilichopo ardhini. Mwenye kuku ajenge banda. Mwenye matuta azungushie matete. Wakubaliane pia juu ya samadi: kinyesi cha kuku kikioza ni chakula cha lengalenga, na mabaki ya mboga ni chakula cha kuku.

Mama wetu akishavuna mara mbili tatu, anunue matetea wawili kwa faida hiyo. Jogoo anaweza kuwa wa jirani, kama wamepatana.

Kabla hatujaachana, kila mtu ahesabu bidoni zake. Wiki ijayo tutapima matuta pamoja.