Kufunga Bomba la Sinki Bila Kupasua Kauri

Kauri haipindiki. Ikibanwa mno hupasuka. Fundi hufunga maji kwanza, kisha huikaza mipira miwili kwenye bomba la kuchanganyia maji kwa vidole, kabla ya kuliketisha juu ya sinki. Chini ya sinki, washa ya mpira hutenganisha nati na kauri. Nati hukazwa kwa mkono, halafu spana huongeza robo mzunguko tu.

Tepu nyeupe huzungushwa kwenye hesi za koki iingiayo ukutani, kufuata upande wa kukazia. Mwisho wa mpira hauihitaji, maana washa yake ndiyo izuiayo maji. Hapo pakivuja, aghalabu washa imekaa upande. Ifunguliwe na kuwekwa upya, isilazimishwe kwa spana.